Kabla hujamwekea mama chuma cha kifundo

Mzee akianguka na kuvunjika kifundo cha mkono, swali la ndugu huwa limeshaandaliwa tangu kwenye gari: "Daktari, si bora awekewe chuma kabisa?" Nawaelewa. Chuma kinaonekana ndiyo tiba kamili, na hogo linaonekana tiba ya asiye na hela. Mimi nashikilia kinyume. Kwa mtu aliyevuka miaka 65, hogo ndilo la kuanzia, na anayetaka chuma ndiye atoe sababu.

Mvunjiko wenyewe ni ule unaompata mtu akiteleza na kujikinga kwa kiganja. Mfupa wa rediasi, ule wa upande wa dole gumba, huvunjika karibu kabisa na kiungo, na kipande cha mwisho husukumwa kuelekea mgongo wa mkono. Ukiutazama mkono kwa ubavu unaona umbo la uma wa mezani. Daktari wa upasuaji Abraham Colles wa Dublin aliueleza mwaka 1814, wakati eksirei bado haijagunduliwa. Aliandika kwamba hata mfupa usiporudishwa, mgonjwa mwishowe atautumia mkono wake bila maumivu, ila kilema cha umbo kitabaki maisha yote. Alizidisha kidogo, maana wapo wanaobaki na maumivu, lakini kwa wazee alikuwa karibu na ukweli kuliko wengi wetu tulio na vyumba vya upasuaji.

Chukua mama wa miaka 74 mwenye genge la mboga, aliyeteleza uani akaumia mkono wa kulia. Eksirei inaonyesha kipande kimelala nyuma nyuzi 25, na mfupa umefupika milimita 4. Upande wa mgongo wa mkono mfupa umesagika. Ngozi haijachanika, vidole vina hisia.

Kwanza namuondolea maumivu. Nachoma sindano palipovunjika, kwa upande wa mgongo wa mkono, navuta kidogo, na nikiona damu nyeusi imeingia kwenye bomba najua nipo mahali penyewe. Naingiza mililita 10 za lignokeini ya asilimia 1, kisha nasubiri dakika kumi. Kusubiri huku ndiko kunakorukwa sana, na ndiyo maana watu hutoka wakisimulia kwamba walivutwa wakiwa macho.

Halafu kuvuta. Penye vikamata-vidole, mkono unaning'inizwa kwa vidole, kiwiko kimekunjwa, na uzito wa kilo tatu hadi tano unawekwa juu ya mkono karibu na kiwiko. Pasipo navyo, msaidizi anashika juu ya kiwiko nami navuta dole gumba na vidole vinavyofuata. Njia zote mbili zinafaa. Kinachofanya kazi ni kuvuta polepole bila kuachia, kwa dakika kadhaa, mpaka misuli ichoke. Mfupa ukiwa umeng'ang'ana, naukunja kwanza zaidi kuelekea kule ulikolala ili kingo ziachane, kisha nasukuma kipande kwa dole gumba kwenda mbele na chini, huku nikielekeza kiganja upande wa kidole kidogo.

Hogo nalo lina ufundi wake. Halishiki kwa unene, linashika kwa kufinyangwa: mkandamizo mmoja mgongoni juu ya kipande, mwingine kwa upande wa kiganja juu kidogo ya mvunjiko, na wa tatu mgongoni karibu na kiwiko. Kifundo kikunjwe kidogo tu. Kukikunja sana kunapendeza kwenye picha, lakini kunabana neva inayopita katikati ya kifundo, na mgonjwa anaamka usiku vidole vinawaka. Siku za mwanzo naweka hogo la nusu kwa sababu uvimbe bado unakuja, na mikunjo ya vidole iachwe wazi ili mama akunje ngumi tangu siku hiyohiyo.

Baada ya kurudisha, eksirei ni nzuri: nyuzi 5 nyuma, ufupi milimita 1. Wiki ya pili imeshuka tena, nyuzi 14 na milimita 3. Hapo ndipo simu za familia zinapoanza. Kijana wake, mtu mwenye heshima zake, ananiambia, "Shikamoo daktari, naona mfupa umekataa. Tufanye utaratibu wa chuma?"

Mfupa haujakataa. Mfupa wa mzee ndani yake ni mwepesi, na mama alipoanguka ulisagika. Tulipouvuta ukarudi urefu wake, pale uliposagika pakabaki uwazi, na kipande kinashuka taratibu kuuziba. Kuurudisha mara ya pili kwa mkono mara nyingi ni kurudia hadithi ileile. Kwa hiyo swali la maana si kama utashuka. Tujiulize kama kushuka huko kutamzuia mama kushika sufuria.

Madaktari wa Innsbruck, Austria, walilijaribu jambo hili na kuchapisha mwaka 2011. Wagonjwa 73 wenye miaka 65 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine chuma, wengine hogo. Picha za waliowekewa chuma zilikuwa nzuri zaidi, na nguvu zao za kushika zilizidi kidogo. Lakini baada ya mwaka mmoja, kwa maumivu, kukunja mkono na kazi za kila siku, makundi mawili hayakuachana, na matatizo ya tiba yalikuwa mengi zaidi upande wa chuma. Matatizo hayo nayajua: parafujo ndefu inayotokeza mgongoni na kusaga kano za vidole, au chuma kilichokaa mbele mno mpaka kano ya dole gumba ikakatika.

Nikimjibu yule kijana simfichi faida ya chuma, kwa sababu ipo. Wiki za mwanzo aliye na chuma anautumia mkono mapema. Mzee anayeishi peke yake, au anayetembelea mkongojo na mkono huohuo ndio umevunjika, anaweza kuihitaji faida hiyo. Mfupa ukitoboa ngozi, kipande kikiwa kimelala upande wa kiganja na kiungo kinateleza nacho, au vidole vikizidi kufa ganzi hata baada ya kuvuta na kulegeza hogo, mimi mwenyewe ndiye nitakayesisitiza upasuaji. Mama wa genge hana hata kimoja kati ya hivyo. Anaishi na wajukuu, na anachotaka ni kupima nyanya.

Hogo lilitolewa wiki ya sita. Mkono ulikuwa mkavu na mgumu, na nundu ilibaki kwenye kifundo upande wa kidole kidogo, ambayo hakuipenda. Miezi mitatu baadaye alikuwa anakamua nguo, akilalamikia baridi ya asubuhi zaidi kuliko mkono.

Kama familia ina hela iliyotengwa kwa ajili ya chuma, mimi ningeipeleka kwingine: sehemu kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa sababu vidole vilivyoganda ndani ya hogo vinasumbua kuliko nyuzi 14, na sehemu kwenye kupimwa na kutibiwa udhaifu wa mifupa. Mwanamke wa miaka 74 aliyevunjika kifundo kwa kuteleza tu ana hatari iliyoongezeka ya kuvunjika nyonga, na nyonga haina mjadala wa hogo. Sijawahi kupigiwa simu na ndugu akiulizia hilo.