Nusu digrii inaanzia nyongani, inaonekana unyayoni

"Kosa la nusu digrii halionekani kwa macho. Kwa nini maanimeta wanalalamika kila tukipunguza fremu kuu?"

Kwa sababu wao wanatazama unyayo, na programa anatazama mfupa mmoja mmoja. Wote wawili wanasema kweli, ila katika miradi mingi ya gemu za simu upande unaosikilizwa ni ule wenye namba za memori, na animeta huonekana mtu wa kuchagua-chagua. Malalamiko yake yana hesabu nyuma yake, na hesabu yenyewe si ngumu.

Tuanze na kile anachokitetea programa: kupunguza fremu kuu, yaani kufuta baadhi ya mikao ya mifupa iliyorekodiwa kwenye klipu na kuiacha gemu ikadirie ya katikati, ili memori ipungue. Simu haina huruma: gemu ikizidisha matumizi ya memori, mfumo wa simu unaifunga katikati ya mchezo na mchezaji haelezwi sababu. Klipu za animesheni huchangia zaidi ya watu wanavyodhani. Chukua mhusika mwenye mifupa 60 na klipu ya kutembea ya sekunde 2, fremu 30 kwa sekunde, yaani sampuli 61 ukihesabu na ya mwanzo. Kila mfupa ukihifadhiwa mzunguko (namba 4), mahali (namba 3) na ukubwa (namba 3), kila namba ikiwa na baiti 4, unapata baiti 146,400 kwa klipu hiyo moja. Klipu 120 za namna hiyo zinakaribia megabaiti 17.6, na huyo ni mhusika mmoja. Hakuna animeta makini anayesema hali hiyo iachwe ilivyo.

Lakini angalia akiba inatoka wapi. Mifupa ya binadamu hairefuki wala haivimbi, kwa hiyo ukubwa wake hubaki 1 klipu nzima, na mahali pake ukilinganisha na mfupa mzazi hapabadiliki, isipokuwa kwenye mfupa wa kiuno unaobeba mwili. Kila namba ya mfupa ikifuatwa klipu nzima ni mstari mmoja. Ondoa mistari hiyo isiyosogea, ubaki na mizunguko 60 na mahali pa kiuno tu, na klipu inashuka hadi baiti 59,292. Asilimia 60 imekwisha kuondoka na hakuna unyayo uliotikisika hata kidogo. Zana za kupunguza fremu kuu hufanya kazi hii pamoja na ile nyingine ya kufuta fremu kwenye mistari inayosogea, kisha sifa yote inakwenda kwenye kiwango cha kosa kilichoruhusiwa. Mtu akijisifu kwamba klipu zimepungua kwa zaidi ya nusu, inafaa aulizwe ni kiasi gani kilitokana na mistari iliyokuwa imelala tangu mwanzo.

Sasa nusu digrii. Kwenye Unity, injini ya kutengenezea gemu, `Rotation Error` huja ikiwa 0.5, na maana yake ni digrii: fremu kuu inaweza kufutwa mradi mzunguko uliobaki usipishane na wa awali kwa zaidi ya hapo. Kipimo hicho kinachukuliwa kwenye mfupa wenyewe, bila kujali kilichoning'inia chini yake. Nyonga ikikosea nusu digrii, na kutoka nyonga hadi unyayo ni mita 0.9, unyayo unahama hivi:

```
d = L × sin(θ)
0.9 m × sin(0.5°) ≈ 0.0079 m
```

Karibu milimita 8. Goti nalo lina ruhusa yake ya nusu digrii, na likiwa sentimita 45 kutoka unyayoni linaongeza karibu milimita 4. Yakielekea upande mmoja tumefika milimita 12, na kiuno bado hatujakihesabu. Nacho kikizunguka kwa kosa hilohilo, tunakaribia milimita 20. Kidole cha mkono chenye sentimita 3, kwa kiwango kilekile, kinahamisha ncha yake kwa takriban robo ya milimita. Kwa hiyo kipimo kimoja kwa mwili mzima kinabana vidole visivyotazamwa na mtu na kulegeza nyonga inayobeba mguu mzima.

Milimita 12 pekee zisingemsumbua mtu kama zingekuwa zilezile muda wote. Mguu ungekaa kando kidogo, basi. Tatizo ni kwamba kosa halitulii. Kwenye fremu iliyobaki ni sifuri, katikati linakua, kisha linarudi sifuri kwenye fremu inayofuata, pengine upande wa pili. Wakati huo unyayo unapaswa kuwa umekanyaga chini na kutulia. Mchezaji hatajua jina la kasoro hiyo, ataona tu mhusika anateleza.

Klipu ya kusimama tu ndiyo inayoumia zaidi, na ndiyo inayosahaulika. Kifua kinachopumua kwa kuyumba digrii 0.4 huku na huku kiko chote ndani ya kosa linaloruhusiwa. Zana inafuta fremu zote za katikati, kihalali kabisa, na mhusika anaacha kupumua.

Kuna jambo lingine linalompa animeta nguvu, nalo linatoka kwenye memori yenyewe. Fremu kuu iliyobaki baada ya kupunguza inagharimu zaidi ya sampuli ya kawaida, kwa sababu lazima ijulikane iko wakati gani na mstari unaiingia na kuiacha kwa mwinamo gani. Tuseme inahifadhi thamani, wakati na miinamo miwili: baiti 16 badala ya 4. Mstari wa sampuli 61 una baiti 244. Ukibaki na fremu kuu 15 umetumia 240, umepata faida ya kiduchu. Ukibaki na 31 umetumia 496, mara mbili ya ulichoanza nacho. Animesheni iliyorekodiwa kwa mwigizaji ina mitetemo midogo kila mahali na mara nyingi haikubali kushuka hadi robo bila kuharibika. Ndiyo sababu Unity ina chaguo la `Optimal`, linaloamua lini mstari ubaki na sampuli zake zote. Na `Keyframe Reduction and Compression` isikudanganye kwa jina lake: inapunguza faili, lakini kwenye memori inalingana na `Keyframe Reduction`.

Nusu digrii inatosha lini, basi? Mhusika wa mita 1.8 akijaza pikseli 900 za kimo cha skrini, pikseli moja ni milimita 2, na milimita 12 ni pikseli 6: hapo animeta ameshinda. Mhusika huyohuyo akiwa na pikseli 90 kwenye gemu inayotazamwa kutoka juu, kosa hilohilo halifiki pikseli moja, na programa ana haki ya kulegeza hata hadi digrii 1. Uamuzi unategemea kamera, na kamera inajulikana mapema katika mradi.

Kwa gemu yenye kamera ya karibu, mimi ningeweka klipu za kusimama na kutembea kwenye faili zake zenye 0.1, na mapigo ya haraka yabaki 0.5, kwa kuwa mipangilio hiyo ya Unity huwekwa kwa faili na si kwa mfupa. Maktaba ya ACL ya kubana animesheni, inayotumika na injini ya Unreal, imetatua jambo hili kwenye mzizi: inapima kosa kwa umbali ambao ngozi ya mhusika imehama baada ya mifupa yote kuunganishwa.

Wanaobaki na kipimo cha digrii wana njia rahisi ya kumaliza ubishi. Weka wahusika wawili mahali pamoja, mmoja na klipu asilia na mwingine na iliyobanwa, uwaendeshe kwa wakati mmoja, kisha kwa kila fremu chukua umbali kati ya vidole vyao vya mguu na uandike ulio mkubwa kuliko yote. Mfupa wa nyonga usiupime. Utakupa nusu digrii uliyoiruhusu mwenyewe.