Karatasi moja ya kanuni za uwiano: inasaidia wapi, inapotosha wapi

Wanafunzi wengi wa uhasibu huingia kwenye maandalizi ya mtihani wakiwa na karatasi moja iliyojaa kanuni za uwiano, kila kanuni ikiwa na mstari wake na tafsiri ya maneno matatu au manne. Wapo walimu wanaoitetea karatasi hiyo kwa hoja kwamba muda wa mtihani ni mfupi na mtahiniwa asiyekumbuka kanuni hapati hata nafasi ya kufasiri. Wapo pia wanaoipinga kwa hoja kwamba inamfundisha mtu kugawanya namba asizozielewa. Hoja zote mbili zina uzito, na njia nzuri ya kuzipima ni kuzipitisha kwenye hesabu za biashara moja ya kubuni.

Tarakimu zake kwa mwaka, zote kwa maelfu, ni hizi: mauzo 1,200, ambayo 900 kati yake ni ya mkopo, bidhaa za mwanzo wa mwaka 80, manunuzi 760, bidhaa za mwisho wa mwaka 120. Gharama ya mauzo ni 80 + 760 − 120, yaani 720, na faida ghafi ni 480. Mwisho wa mwaka wadaiwa ni 150, fedha taslimu 10, wadai wa biashara 125 na ovadrafti 35.

Tuanze na mzunguko wa bidhaa, ambao katika karatasi nyingi huandikwa hivi:

Mzunguko wa bidhaa = gharama ya mauzo ÷ wastani wa bidhaa

Wastani wa 80 na 120 ni 100, kwa hiyo bidhaa zimezunguka mara 7.2, au kwa lugha ya siku, zimekaa takribani siku 51 kabla ya kuuzwa. Mtahiniwa aliyekariri neno «mauzo» badala ya «gharama ya mauzo» atapata mara 12, na atasifu kasi ambayo biashara haina. Bidhaa zimeandikwa vitabuni kwa bei ya gharama, ilhali mauzo yamebeba faida ndani yake. Ukigawanya moja kwa nyingine unalinganisha vitu visivyopimwa kwa mizani moja. Anayeijua sababu hii hahitaji kukariri chochote, na hapo ndipo wapingaji wa karatasi wanapokuwa na haki.

Hata hivyo, sababu peke yake haimalizi swali. Je, atumie wastani wa bidhaa au bidhaa za mwisho wa mwaka? Kwa bidhaa za mwisho jibu ni mara 6, ambazo ni takribani siku 61. Viwango vya kimataifa vya uhasibu havina kanuni ya lazima kwa uwiano huu wala kwa nyingi za aina yake. Faida kwa kila hisa ndiyo iliyowekewa namna rasmi ya kukokotolewa, chini ya IAS 33. Kwa hiyo majibu yote mawili yanatetewa, mradi mtahiniwa aeleze alichotumia na asibadili mkondo katikati. Mtego wa kawaida hutegwa katika swali la miaka miwili: mwaka wa pili una bidhaa za mwanzo na za mwisho, wa kwanza una za mwisho tu. Anayetumia wastani kwa mwaka mmoja na bidhaa za mwisho kwa mwingine ataona mabadiliko ambayo huenda yamezaliwa na kanuni yake mwenyewe. Hapo ni salama zaidi kutumia za mwisho kwa miaka yote miwili na kusema hivyo waziwazi.

Kipindi cha kukusanya madeni kina kasoro inayofanana na hiyo. Kanuni ni wadaiwa ÷ mauzo ya mkopo × 365, na kwa biashara yetu inatoa takribani siku 61. Ukitumia mauzo yote unapata takribani siku 46, kwa sababu umewahesabia wateja wa fedha taslimu deni ambalo hawajawahi kuwa nalo. Ikiwa wateja wamepewa siku 45 za kulipa, kosa hili dogo linaficha ucheleweshaji wa zaidi ya wiki mbili. Swali lisipotenganisha mauzo, tumia yote na uandike kwamba umefanya hivyo.

Sehemu inayonishawishi zaidi kuihofia karatasi ni uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi, hasa kwa sababu ya maneno yanayoufuata: «bora ni 2:1». Mali za muda mfupi ni 120 + 150 + 10, yaani 280, na madeni ni 160, hivyo uwiano ni 1.75:1. Ukiondoa bidhaa unapata 1:1. Mwenye kufuata karatasi ataandika kwamba biashara iko chini ya kiwango, kisha atahamia swali linalofuata.

Sasa tuseme kwamba siku ya mwisho ya mwaka wadaiwa walilipa 60, na fedha hizo zikapelekwa siku hiyohiyo kwa wadai. Mali zinashuka hadi 220 na madeni hadi 100, na uwiano unapanda kufikia 2.2:1. Hakuna bidhaa iliyouzwa zaidi wala faida iliyoongezeka. Pale uwiano unapozidi 1, kupunguza pande zote mbili kwa kiasi kilekile huupandisha. Ukiwa chini ya 1, hatua ileile huushusha. Ukiwa 1 kamili, kama ule usiohesabu bidhaa, haubadiliki. Watahini hupenda kuuliza jambo hili, na hakuna mstari wa kukariri unaolijibu. Vilevile, biashara inayouza kwa fedha taslimu na kununua kwa mkopo inaweza kuishi vizuri chini ya 1:1, wakati nyingine yenye 3:1 imejaza ghala bidhaa zisizouzika.

Kwa upande wa faida, karatasi inarudi kuwa na manufaa, ila ikiwa imeandikwa kwa uangalifu. Biashara yetu ina faida ya uendeshaji 150, mtaji wa wamiliki 510 na mkopo wa muda mrefu 240 unaotozwa riba ya 24.

Faida kwa mtaji uliotumika = faida kabla ya riba na kodi ÷ (mtaji wa wamiliki + mikopo ya muda mrefu)

Jibu ni 150 ÷ 750, yaani asilimia 20. Anayetoa riba kwanza anapata 126 ÷ 750, asilimia 16.8, na kosa lake ni kwamba mkopeshaji amehesabiwa chini ya mstari lakini malipo yake yameondolewa juu. Kanuni hii haikisiwi kirahisi na mtu aliye katika haraka, kwa hiyo kuwa nayo tayari kichwani kunaokoa alama.

Kwa maoni yangu, ugomvi huu unahusu zaidi kinachoandikwa kwenye karatasi kuliko karatasi yenyewe. Ningefuta kila «bora ni» na kuweka mahali pake maswali mawili: je, namba ya juu na ya chini zinahusu watu walewale na bei ileile, na tunalinganisha na nini? Asilimia 20 ya hapo juu, kwa mfano, ni zao la faida ya asilimia 12.5 kwa mauzo na mauzo yaliyo mara 1.6 ya mtaji. Mwaka ujao ikishuka hadi asilimia 16, mtahiniwa anayestahili alama za tafsiri ni yule atakayeonyesha ni ipi kati ya hizo mbili iliyoporomoka.