Mtoto akishapaa KIA, amri ya mahakama ya Moshi itamfuata?

Huku Uchaggani mama aliyetengana na mumewe akisema anahamia nje na mtoto, ukoo hujibu kabla ya hakimu: mtoto ni wa kihamba, yaani shamba la ukoo wa baba. Mahakamani hoja hiyo ina nafasi ndogo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazitaja mila, lakini kinatanguliza ustawi wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inataka yasikilizwe maoni ya mtoto mwenyewe na malezi aliyozoea yasiyumbishwe.

Tuseme mama ni nesi wa Moshi, amepata kazi Leeds, Uingereza. Mwanawe ana miaka 8, kwa hiyo ile dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama haimbebi tena. Baba anaongoza watalii Arusha na humchukua kila baada ya wiki mbili, kwa usiku mbili.

Baba akisema tu "mimi ndiye baba", hakimu hana cha kupima. Akisema "nalala naye usiku 52 kwa mwaka, na mama hajasema mtoto atasoma wapi wala nani atakaa naye akiwa zamu ya usiku", hapo pingamizi lina uzito. Ila kama alikaa mwaka mzima bila matunzo wala simu, akaibuka siku ya viza, ripoti ya afisa ustawi wa jamii itamuumbua.

Mama naye asije na barua ya kazi peke yake. Usiku 52 anaweza kuzifidia karibu zote: wiki tano za likizo ya kiangazi na mbili za Krismasi ni usiku 49, nauli juu yake. Simu ya video saa 11 jioni ya Leeds ni saa 1 au saa 2 usiku Arusha, kutegemea majira.

Kinachonisumbua ni kwamba wengi hubishana kuhusu nani mzazi bora, wakati swali gumu ni nani ataitekeleza amri. Tanzania haimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurejesha watoto waliochukuliwa nje ya nchi. Mama akigoma kumleta likizo, karatasi ya Moshi haiwi amri ya mahakama ya Leeds. Na hofu hiyo ni ya pande mbili (hili baba wengi hawalisemi): mtoto akija Krismasi na baba akamficha Arusha, mama hana mkataba wa kumdai.

Kwa hiyo ningekuwa wakili wa baba, nisingepoteza nguvu kuzuia safari tu. Ningeomba mama asimtoe mtoto nchini mpaka mahakama ya Uingereza itoe amri yenye masharti yaleyale ya likizo, neno kwa neno. Mama mwenye nia njema atakubali kuisubiri. Akikataa, hakimu naye atataka kujua kwa nini.