Kigae cha Lukenya: Chungu cha Kupikia Kinathibitisha Nini, na Nini Tunakisingizia

Anayetoka Nairobi kwa Barabara ya Mombasa, akishapita Mto Athi, huuona mlima wa Lukenya ukiinuka peke yake juu ya mbuga. Chini ya miamba yake wanaakiolojia wamefukua makazi ya wafugaji walioishi hapa kabla ya chuma kuenea. Wataalamu huviweka vipindi vya wafugaji hao wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania kati ya miaka 5000 na 1200 iliyopita. Vilivyobaki ni mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, vipande vya mawe yaliyochongwa, na vigae vya vyungu. Ni juu ya vigae hivyo ninapotaka kusimama, kwa kuwa vinabebeshwa kazi tatu zisizolingana kwa uzito: kutueleza watu walikula nini, waliishije nyumbani, na walifanya biashara na nani. Maoni yangu ni kwamba kazi ya kwanza kigae kinaiweza vizuri kuliko wengi wanavyodhani, ya pili kinaiweza nusu, na ya tatu kinaiweza tu kikisomwa kwa udongo wake wala si kwa nakshi zake.

Tuanze na chakula. Chungu kisichopakwa rangi ya kioo kina vinyweleo, na kila kinapochemsha nyama au maziwa, mafuta hupenya ukutani mwake na kunaswa humo. Maji ya ardhini hayaondoi mafuta kwa urahisi, kwa hiyo yanaweza kudumu maelfu ya miaka ndani ya udongo uliochomwa. Mtafiti huchagua kigae cha sehemu ya juu, karibu na mdomo, kwa sababu mafuta huelea juu ya mchuzi unaochemka na sehemu hiyo hufyonza zaidi. Hukwangua uso wa nje ili kuondoa uchafu wa ardhini na mafuta ya mikono ya waliokishika, husaga gramu mbili hivi, kisha hutoa mafuta kwa kemikali na kuyapitisha kwenye mashine inayotenganisha aina zake. Asidi mbili za mafuta, ya palmitiki na ya steariki, hupimwa uwiano wa kaboni nzito na kaboni nyepesi. Ng'ombe anapotengeneza maziwa, sehemu ya asidi ya steariki huichukua moja kwa moja kutoka kwenye chakula chake, jambo ambalo halifanyiki kwa kiasi hicho anapotengeneza mafuta ya mwili. Hivyo tofauti kati ya asidi hizo mbili huwa kubwa zaidi katika maziwa, na ikivuka sehemu tatu hivi kwa elfu, mtafiti ana msingi wa kusema kwamba chungu hicho kilipikiwa maziwa na si nyama.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliopima kwa njia hii vigae 125 kutoka maeneo ya wafugaji wa kale nchini Kenya na Tanzania. Ulipata dalili za maziwa, nyama na mimea, na ukatoa ushahidi wa moja kwa moja wa kwanza kabisa wa matumizi ya maziwa katika eneo letu. Mafuta ya nyama ndiyo yaliyojitokeza zaidi, na watafiti waliona kuwa huenda yalitokana na supu na michuzi. Hapa nakubaliana na wanaokiamini chungu. Mfupa wa ng'ombe unaonyesha kwamba mnyama alichinjwa, lakini hauonyeshi kama alikamuliwa. Chungu ndicho kinachotuingiza jikoni, mahali ambapo mfupa hauwezi kufika.

Hata hivyo, wanaotahadharisha wana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa, na nzito kuliko zote inahusu kibuyu. Jamii nyingi za wafugaji wa Kenya hadi leo hukamulia, hugandishia na kuhifadhi maziwa katika vibuyu na vyombo vya mti, ambavyo huoza visibakie na chochote. Ikiwa wakazi wa Lukenya walifanya hivyo pia, maziwa yao mengi hayakugusa chungu kamwe, na uchache wa maziwa katika vigae hauonyeshi uchache wa maziwa katika chakula. Mimea nayo ina shida yake. Mboga na nafaka zina mafuta machache sana, kwa hiyo chungu kilichopika majani kwa wiki nzima na nyama mara moja kinaweza kutoa dalili ya nyama pekee. Kuna pia jambo ambalo mama yeyote aliyewahi kununua chungu kipya analijua: chungu huzibwa vinyweleo kabla ya kuanza kutumika, kwa kupakwa mafuta, au kwa kuchemshiwa uji au maziwa ndani yake. Mafuta ya kwanza kuingia ukutani yanaweza kuwa ya maandalizi hayo, si ya mlo wowote.

Kwa sababu hiyo, mafuta peke yake yasiachiwe kutoa hukumu. Lazima yasomwe pamoja na masizi na alama za kuungua, ambazo hazihitaji maabara. Chungu kilichokaa juu ya makaa huwa na kitako chenye rangi nyekundu au ya kahawia, kwa kuwa joto kali limeyachoma masizi yote, huku ubavuni yakibaki meusi. Kilichokaa juu zaidi, juu ya mafiga na miali ya moto, huwa na masizi hata kitakoni. Ndani, chakula chenye maji huacha mkanda wa kuungua pale kimo cha mchuzi kilipofikia, lakini chakula kikavu kilichokaukiwa maji huacha alama nyeusi chini kabisa. Kigae chenye mafuta ya nyama na mkanda wa kuungua ubavuni kinaeleza juu ya supu kwa uhakika ambao dalili moja isingeweza kuutoa. Kigae chenye mafuta lakini kisicho na masizi wala alama za kuungua kinaweza kuwa cha kuhifadhia tu, na ni kosa kukihesabu kuwa ushahidi wa upishi.

Tukigeukia maisha ya nyumbani, uhakika unapungua haraka. Kutokana na mpindo wa kipande cha mdomo, mtafiti anaweza kukadiria upana wa chungu kizima, na kutokana na upana akakadiria ujazo. Wengine huendelea mbele na kusema kwamba vyungu vikubwa ni dalili ya kaya kubwa. Mimi siifuati hoja hiyo. Chungu kikubwa kinaweza kuwa cha pombe ya sherehe inayonywewa na majirani wote mara chache kwa mwaka, na kidogo kikawa cha mboga za watu kumi zilizopikwa kwa zamu. Isitoshe, chungu cha kupikia hupasuka mapema kwa kupashwa moto na kupozwa kila siku, ilhali mtungi wa maji unaokaa kivulini unaweza kudumu miaka mingi. Jaa la taka kwa hiyo hujaa vigae vya kupikia kuliko idadi halisi ya vyombo vilivyokuwa vikitumika kwa wakati mmoja, na anayehesabu vigae bila kurekebisha jambo hilo atafikiri kwamba watu hao hawakuhifadhi chochote.

Swali gumu zaidi ni nani aliyekifinyanga. Mara nyingi mtindo wa nakshi huchukuliwa kuwa alama ya kabila: pakiwa na aina moja ya nakshi pana watu wa aina moja, na ikibadilika basi wamekuja wageni. Utafiti wa Ingrid Herbich kuhusu wafinyanzi wa Kijaluo, uliochapishwa mwaka 1987, unaitikisa dhana hiyo. Wanawake wengi aliowachunguza hawakujifunza ufinyanzi kwa mama zao. Walijifunza baada ya kuolewa, kwa mama wakwe na wake wenzao, na wakafuata mtindo wa kikundi cha wafinyanzi walichoingia. Mtindo uliwekewa mipaka na mahali mwanamke alipoolewa na waliomfundisha, si na kabila zima, kwa kuwa ndani ya Waluo wenyewe kulikuwa na mitindo mingi midogo. Siwezi kuuhamisha utaratibu huo moja kwa moja hadi Lukenya ya miaka elfu kadhaa iliyopita, lakini unatosha kuonyesha kwamba nakshi inaweza kuwa habari ya ndoa na mafunzo ya nyumbani, na kwamba anayeisoma kuwa habari ya uhamaji wa watu ana deni la kuthibitisha.

Biashara ndipo kigae kinaposingiziwa zaidi. Ushahidi imara wa mawasiliano ya mbali katika zama hizo umo katika obsidiani, jiwe jeusi linalokatika na kung'aa kama chupa, kwa sababu kila chimbuko la volkano lina mchanganyiko wake wa kemikali. Vipande vilivyopatikana Lukenya na hata eneo la Loita na Mara vimefuatiliwa hadi bonde la Naivasha na mlima wa Eburru. Chungu hakina bahati hiyo. Uchunguzi wa Dean Arnold, uliokusanya taarifa za wafinyanzi wa sehemu nyingi za dunia mwaka 1985, ulionyesha kwamba thuluthi moja hivi huchimba udongo ndani ya kilomita moja, na walio wengi hawavuki saba. Chungu kikionekana sawa katika vijiji viwili vilivyo mbali, yawezekana kilisafiri, yawezekana mfinyanzi ndiye aliyesafiri, na yawezekana ni mtindo tu ulioigwa. Vyungu vinavyofinyangwa na wanawake wa Nyanza vinauzwa leo kando ya barabara za Nairobi, na vingi huishia katika nyumba za Kayole au Kawangware ambazo hazina uhusiano wowote na Nyanza, vikipikiwa maharagwe au githeri. Nakshi za vyungu hivyo zingemdanganya kabisa anayetafuta watu, ilhali udongo wao ungesema kweli kuhusu njia ya bidhaa.

Na hapo Lukenya ina faida ambayo naamini haijatumiwa ipasavyo. Mlima wenyewe ni wa miamba ya kale sana ya nais, yenye kwatzi na vipande vya maika vinavyometameta, lakini Naivasha ni nchi ya volkano. Kigae kikikatwa na kusagwa hadi kuwa kipande chembamba cha milimita 0.03, mwanga hupenya ndani yake na punje za mawe hutambulika kwa darubini. Chungu cha Lukenya chenye punje za nais pengine kilifinyangwa hapo jirani, na chenye punje za kioo cha volkano kinastahili kuulizwa kilitoka wapi. Tahadhari ni kwamba mawe ya volkano yapo pia kwenye mbuga za karibu, kwa hiyo volkano peke yake haimaanishi Naivasha, na sampuli za udongo wa vijito vinavyozunguka mlima lazima zichukuliwe kwanza kwa ulinganisho.

Kinachokosekana ni kukifanyia kigae kimoja vipimo vyote hivi kwa mpangilio: kupigwa picha masizi yake kwanza, kisha kusagwa gramu mbili zake ili kutoa mafuta, kisha kukatwa kipande cha darubini kutoka sehemu ile ile. Mpangilio huo hauwezekani kwa vigae vilivyosuguliwa kwa brashi na maji siku ya kufukuliwa, kwa kuwa masizi huondoka na maji, na vile vilivyokaa miaka mingi katika mifuko ya plastiki huchafuliwa na kemikali za plastiki yenyewe. Vigae vichache vya midomo kutoka kila tabaka la ufukuaji vingefaa kufungwa kwa karatasi ya alumini bila kuoshwa, pamoja na kiganja cha udongo uliovizunguka, ili maabara ijue mafuta yapi yalikuwa ya chungu na yapi yalikuwa ya ardhi.