Mkurugenzi wa fedha sio mjumbe wa kamati ya ukaguzi, acheni kuandika hivyo

Juzi nimeletewa drafti ya wasifu wa mkurugenzi wa fedha niipitie kabla haijapanda kwenye ukurasa wa bodi, na kwa kweli nimekasirika. Aya tatu nzima, "kiongozi mwenye maono", "uzoefu mpana", "ameleta mageuzi makubwa", halafu unamaliza kusoma hujui huyu mama anasimamia watu wangapi wala alianza lini. Mwenye hisa anafungua ule ukurasa ajue nani kashika hela yake na nani anamwangalia huyo aliyeshika, basi.

Kilichoniuma zaidi ni maneno haya, "mjumbe wa kamati ya ukaguzi". Hapana jamani. Hesabu anaziandaa yeye, kamati ipo kuzihoji, sasa atajihoji mwenyewe? Marekani kwa kampuni za soko la hisa, sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 inataka wajumbe wote wa kamati hiyo wawe wakurugenzi huru. Yeye anaingia kwa mwaliko, anajibu maswali, na kuna sehemu anatoka nje ili wakaguzi wa nje waongee na kamati bila yeye kuwepo. Aliyeandika sidhani alikuwa na nia mbaya, aliona tu jina lake kwenye mihutasari ya vikao, lakini angeangalia vizuri angeona wajumbe wameandikwa kivyao na walioalikwa kivyao. Na haya mambo anaulizwa katibu wa kampuni, sio mhusika.

Nikampigia mkurugenzi mwenyewe. "Mama, hayo mageuzi makubwa ni yapi hasa?"

"Wateja walikuwa wanatulipa baada ya siku 74, sasa hivi ni 49, tumehangaika nayo miaka 2."

Yaani kitu kizuri hivyo kimefichwa nyuma ya neno mageuzi! Nikamuuliza kama ni kazi yake peke yake, akasema hapana, watu wa mauzo ndo walibadilisha masharti ya mikataba, yeye akahakikisha ankara inatoka siku ileile mzigo unapotoka, zamani ilikuwa inakaa hata wiki 2. Kwa hiyo hatuandiki "alipunguza", tunaandika "pamoja na idara ya mauzo", na sioni kama kunampunguzia chochote, msomaji anaona mtu anayejua kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi.

Tuzo na shahada nimezifupisha, mstari mmoja unatosha. Nimeongeza mwaka alioingia kwenye bodi, idadi ya watu walio chini yake, na bodi nyingine anayokaa, maana hapo ndo mgongano wa maslahi unapoonekana.

Jioni katibu akanirudishia. Ile 49 ni ya robo ya mwisho tu, ukipiga kwa hesabu za mwaka zilizokaguliwa inakuja 52. Tumeandika 52.