Ngiri ya bibi na ngiri ya kijana

Kwenye gati la Mokowe, tukisubiri mashua ya kuvuka kwenda Amu, kijana mmoja alimlalamikia mwenzake: "Nimebaki na ngiri tu, na mwezi bado mrefu." Bibi aliyeketi karibu nao akamgeukia kwa huruma ya kweli. "Pole, mwanangu. Ushaenda spitali?"

Kwa bibi yule, ngiri ni mshipa, maradhi ya utumbo kushuka kinenani. Pengine angemfikiria pia yule mnyama wa mwituni mwenye meno yaliyochomoza nje. Kwa kijana, ngiri ni shilingi 1,000. Walipoelewana walicheka pamoja, mashua ikaja, safari ikaendelea. Mimi nimebaki na mazungumzo yale kwa muda mrefu, kwa sababu hoja zote mbili zinazobishaniwa kwenye baraza za Lamu kuhusu maneno ya mitaani ya vijana zilikuwa pale gatini.

Wazee wana hoja yao. Wanasema neno halipewi maana mpya bure. Kijana aliyezoea kwamba "kubamba" ni kufurahisha, kama katika "ngoma hii inanibamba", siku akikuta sentensi ya askari kumbamba mwizi atababaika kidogo, ingawa hiyo ya kukamata ndiyo maana ya zamani. Walimu wa Kiswahili nao wanajua insha zinavyorudi na wino mwekundu, mwanafunzi akiwa ameandika kwamba karamu ya harusi ilikuwa "kali" na yeye amekusudia kusifu. Msomaji asiyemjua atadhani watu waligombana.

Vijana nao wana hoja, na ni ya zamani kuliko wanavyodhani wenyewe. Mchezo wa kuficha maneno haukuletwa Uswahilini na basi la kutoka Nairobi. Watoto wa pwani walikuwa na kinyume, yaani kulitoa silabi la mwisho la neno na kulitia mbele, ili mkubwa asikie sauti asipate maana. Sheng hufanya hivyo hivyo, ndiyo maana stori ikawa risto. Na sisi wa Lamu, tuliolelewa kwenye mafumbo, ambapo shairi moja husomwa kwa maana mbili na aliyesemwa ndiye anayejua amesemwa, hatuwezi kumlaumu kijana kwa kosa la kulivika neno la kawaida nguo nyingine.

Hata jina tunaloyaita maneno haya, misimu, ni neno la zamani lililopewa kazi mpya. Msimu ni wakati wa pepo, kaskazi na kusi, na nahodha aliyeukosa msimu wake alisubiri mwaka mwingine. Aliyeliteua neno hilo kwa lugha ya mitaani alilenga vizuri.

Lakini misimu ya maneno haipiti kwa mwendo mmoja, na hapa ndipo naona mjadala wetu unapokosea. Tunayahukumu yote kwa pamoja, ilhali kuna yanayokufa kabla ya mtoto kuhitimu shule, na kuna yanayotuzika sisi.

Chukua noti ya shilingi 500. Katika uchaguzi wa 1992 fedha zilimwagwa kwenye kampeni, na vijana wa chama tawala waliojiita YK'92 waliongozwa na Cyrus Jirongo. Noti ile ikaitwa "jirongo", na nchi nzima ilielewa. Leo noti ya 500 ingalipo, imebadilishwa sura mwaka 2019, lakini mwambie kijana wa kidato cha tatu akupe jirongo moja uone kama atatia mkono mfukoni. Sasa chukua matatu. Jina hilo lilitoka kwenye nauli ya senti 30, iliyotajwa kwa Kikuyu kuwa sarafu tatu za senti kumi. Senti hizo hazipo tena, nauli imepanda mara zisizohesabika, na jina limebaki mpaka kwenye vitabu vya sheria.

Kwa nini moja limekufa na jingine likaishi? Jibu langu ni kwamba matatu liliziba pengo. Gari la aina ile lilikuwa kitu kipya na halikuwa na jina jingine la kila siku. Noti ilikuwa na jina tayari, mia tano, kwa hivyo jirongo lilikuwa pambo lililofungwa kwenye tukio, na tukio lilipochakaa pambo likaanguka. "Poa" nalo liliziba pengo. Awali ni la chai iliyoachwa mezani na homa iliyoshuka. Vijana walihitaji jibu la salamu la rika kwa rika, lisilo na uzito wa sabalkheri wala adabu ya shikamoo, wakalitwaa. Leo watu wenye wajukuu wanajibu "poa" bila kuona wamesema msimu wowote.

Maneno ya kusifu ndiyo yenye umri mfupi kuliko yote. Kali, noma, moto, kubamba: hakuna hata moja lililoziba pengo, maana "zuri" lilikuwapo siku zote. Kazi yao ilikuwa kuonyesha kwamba msemaji ni wa leo, na kazi hiyo huisha siku neno linapojulikana na kila mtu. Dalili yake haifichiki. Wa kwanza kuliacha neno ni wanafunzi wa sekondari. Linabaki kwa wenye miaka thelathini, halafu unalisikia kwenye tangazo la redio, halafu mwanasiasa analipaza jukwaani akitaka kupigiwa kura. Likifika hapo, vijana wamekwisha kuhama zamani. Zamani Lamu ilipata maneno ya Nairobi yakiwa yamechakaa, yamekuja na abiria. Sasa yanafika siku ile ile kwenye simu, kwa hivyo yanazeeka upesi zaidi, kwa kuwa waliokusudiwa wasielewe wanaelewa mapema.

Kwa sababu hiyo siogopi ngiri. Maana mpya haijaiua ile ya bibi, na daktari akisema ngiri hakuna atakayetoa pesa. Neno moja hubeba maana nyingi bila kuvunjika, mradi mazungumzo yaonyeshe ni ipi.

Ninachokiogopa kiko kwingine, na wazee wanakigusa bila kukitaja. Msimu hauji peke yake. Unakuja umepanda juu ya matamshi ya bara. Kijana anayesema "inabamba" anaisema ndani ya sentensi yenye njia, macho na moja, wakati Kiamu chake, lahaja ya Lamu, ni ndia, mato na moya. Miaka kumi ikipita "inabamba" itakuwa imekwenda zake, na hatuhitaji kuifukuza. Lakini ndia na mato vikiondoka mdomoni havina msimu wa kurudi, kwa sababu havikuondoka kwa kuchoka kwa mtindo. Viliondoka kwa kuonekana vya kishamba. Na bandari iliyofunguliwa Kililana mwaka 2021 inaleta vijana wengi wa bara ambao watoto wetu wanataka kufanana nao.

Juzi nilikuwa dukani mtaani kwetu. Mama mtu mzima aliomba kilo moya ya mtele. Mtoto wa dukani, mzaliwa wa Amu, wazazi wake wa Amu, alimtazama, kisha akageuka kumuuliza babake huyu mama anataka nini.