Sikio ndani ya mtandao wa kiwanda: mwaka 2017 lingesikia nini?

Juni 2017, sehemu ya kiwanda kimoja cha petrokemikali nchini Saudi Arabia ilijizima. Kilichoizima ni mfumo wa usalama, ule unaokaa pembeni ya mfumo wa kuendesha mitambo na wenye kazi moja tu: shinikizo au joto likivuka kikomo, funga. Vidhibiti vyake, vya chapa ya Triconex, vilikaguliwa, havikuonekana na kasoro ya kueleza tukio lile, kazi ikaendelea. Agosti mwaka huohuo vikajizima tena. Safari hii wachunguzi walikuta kitu kwenye kompyuta ya wahandisi: programu iliyojiita `trilog.exe`, kwa kuiga jina la chombo halali cha Triconex, yenye uwezo wa kuzungumza na kidhibiti na kupachika msimbo wake ndani ya kumbukumbu. Ikaja kujulikana kwa jina la Triton, na wengine huiita Trisis.

Tangu hapo Triton ni hoja kuu ya wanaouza mifumo ya kusikiliza mitandao ya viwanda. Wanasema mngekuwa na sikio ndani, mngesikia. Upande wa pili hujibu kwa ufupi: mngegeuza ufunguo ulio kwenye kidhibiti chenyewe. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina ukweli, lakini wauzaji huchanganya tahadhari mbili ambazo hazifanani kabisa, ile ya kifaa kipya na ile ya amri isiyotarajiwa. Tukizitenganisha, kisa hiki kinaonyesha vizuri pesa ziende wapi.

Kwanza, sikio lenyewe. Swichi ya mtandao huagizwa inakili kila pakiti inayopita na kuitoa kwenye poti moja ya ziada. Kwenye poti hiyo huchomekwa kompyuta inayopokea tu, isiyotuma chochote. Ikishapata nakala, inasoma nani anaongea na nani, kwa itifaki gani, na kwa agizo gani. Kutokana na mazungumzo hayo hujenga orodha ya vifaa: anwani hii ni PLC, yaani kidhibiti cha mashine, ya kampuni fulani, ile ni skrini ya mwendeshaji, ile nyingine ni kompyuta ya wahandisi.

Kwa nini kusikiliza tu, wakati kuuliza ni haraka zaidi? Kwa sababu vifaa vya zamani huweza kuchanganyikiwa vikiulizwa maswali visiyoyazoea. Mwongozo wa SP 800-82 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambao watu wa fani hii huurudia sana, umeandika kisa cha mtu aliyepitisha `ping` kwenye mtandao wote kutafuta vifaa, na mkono wa roboti wa futi 9 uliokuwa umetulia ukazunguka nyuzi 180. Kwenye kiwanda kingine, utafutaji wa namna hiyohiyo uliugandisha mfumo wa kutengeneza saketi za kompyuta, na bidhaa za dola 50,000 zikaharibika. Mhandisi wa uzalishaji aliyewahi kusikia visa hivi hatakuruhusu uulize. Kusikiliza atakuruhusu.

Ila sikio husikia kinachosemwa tu. Kifaa kilichowashwa na kunyamaza hakiingii kwenye orodha. PLC na moduli zake za mbali zikiwa kwenye kiswichi cha bei rahisi ndani ya kabati, kile kisichoweza kuagizwa kunakili, mazungumzo yao hayafiki kwako hata kidogo. Vifaa vya waya wa RS-485 nyuma ya kigeuzi utaona tu namba zao ndani ya pakiti, si sura zao. Halafu kuna hitilafu ambayo haijitangazi: poti ya kunakili ikielemewa, hudondosha pakiti kimyakimya, na orodha yako hubaki ikionekana nzuri. Anayetumia Zeek, programu ya kuchambua nakala hizo za pakiti, aangalie faili ya `capture_loss.log` kabla ya kuamini lolote. Kiasi cha upotevu kikipanda kila mashine zote zinapokuwa kazini, unasoma kitabu chenye kurasa zilizochanwa.

Sasa turudi Saudi Arabia. Je, tahadhari ya kifaa kipya ingelia? Siku ya tukio, hapana. Waliotuma amri walikuwa wameshika kompyuta ya wahandisi, mashine halali yenye anwani halali, ambayo kuzungumza na vidhibiti ni kazi yake. Orodha yoyote nzuri ingeiweka kwenye safu ya wanaoruhusiwa. Hilo halimaanishi tahadhari hiyo haina thamani. Wavamizi walikaa kwenye mtandao wa kampuni karibu mwaka mzima kabla ya kuifikia kompyuta hiyo, na hatua ya kutoka mtandao wa ofisi kuingia wa mitambo huacha alama, kwa kawaida muunganisho kati ya mashine mbili ambazo hazijawahi kuongea. Kwa hiyo mimi ningejali zaidi uhusiano mpya kuliko kifaa kipya. Tahadhari ya kifaa kipya hunasa zaidi kompyuta ya mkandarasi na ruta ndogo ya simu ambayo fundi ameichomeka ili ahudumie mashine akiwa nyumbani. Ni mambo ya kukamatwa, na sehemu kubwa ya faida ya wiki za kwanza hutoka hapo. Tusiiuze tu kama dawa ya Triton.

Amri ni habari nyingine. Mfumo wa usalama ukishasimikwa, programu yake hubadilishwa mara chache sana, na kila badiliko lina kibali cha kazi chenye saini. Siku nyingine zote hakuna anayepaswa kupakia programu mpya ndani ya kidhibiti. Triton ilizungumza kwa TriStation, itifaki ya Triconex yenyewe, kupitia UDP poti 1502. Agizo la kupakia programu kwenye njia hiyo, siku isiyo na kibali, ni jambo ambalo halihitaji hesabu wala busara kulitambua.

Hapa lakini kuna tatizo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. TriStation ilikuwa itifaki ya siri ya mtengenezaji, haikuwa na maelezo ya wazi. Chombo kisichoielewa kingeona baiti zikipita bila kujua kama ni kusoma hali au kupakia programu. Kingeweza kusema tu kwamba leo mazungumzo ni marefu kuliko jana. Kwa mtu makini hilo lingetosha kumfanya apige simu. Wasiwasi wangu ni kama angekuwepo mtu wa namna hiyo.

Faida ambayo naiona ya uhakika zaidi ni ya Juni, kabla ya tukio la pili. Baada ya kuzima kwa mara ya kwanza, watu walichunguza kifaa kwa sababu hicho ndicho walichokuwa nacho mkononi. Kama kungekuwa na rekodi ya mtandao ya saa zile, hata isiyotafsiriwa, swali la nani alikuwa akiongea na kidhibiti dakika chache kabla hakijajizima lingejibiwa bila kufungua kabati. Kati ya Juni na Agosti kuna miezi miwili.

Tuwape nafasi wanaopinga. Kidhibiti cha Tricon kina swichi ya ufunguo yenye nafasi za RUN, PROGRAM, REMOTE na STOP. Ikiwa kwenye RUN, haikubali programu mpya kutoka kwenye mtandao. Pale kiwandani ilikuwa imeachwa kwenye PROGRAM. Kugeuza ufunguo hakugharimu kitu, na kungezuia, wakati sikio husikia tu bila kuzuia. Hata bahati iliyokiokoa kiwanda haikutoka kwenye mtandao: vichakataji vitatu vya kidhibiti hulinganisha hali zao, ulinganisho ukashindikana, mfumo ukachagua kufunga. Ukiwa na bajeti ndogo, anayekuambia uanze na ufunguo na kutenganisha mitandao kabla ya kununua masikio anakushauri vema. Nami nakubaliana naye kuhusu mpangilio. Sikubaliani naye akisema masikio hayahitajiki, maana ufunguo huo uliachwa mahali pabaya na watu, na bila kitu cha kuwaambia ungeendelea kukaa hapo.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: kelele. Mifumo mingi hujifunza hali ya kawaida kwa wiki kadhaa, kisha hupiga kengele kwa kila jipya. Chukua kiwanda cha sukari cha ukanda wetu, kinachosaga miwa kwa miezi kisha kusimama wakati wa masika kwa matengenezo. Ukifundisha mfumo wakati wa kusaga, matengenezo yakianza kila mkandarasi ni kifaa kipya na kila jaribio la pampu ni amri isiyotarajiwa. Baada ya siku chache msimamizi wa zamu hafungui tena ujumbe. Ukifundisha wakati wa matengenezo, umeufundisha kwamba kubadilisha programu za PLC ni jambo la kila siku. Na kama mvamizi yumo tayari, kama ilivyokuwa Saudi Arabia, naye atasajiliwa kuwa mwenyeji.

Ndiyo maana siamini sana kujifunza kwenyewe. Sheria chache zilizoandikwa kwa mkono, na mtu anayejua mitambo, zina nguvu kuliko hizo. Mfano ni wa Lviv, Ukraine, Januari 2024: majengo ya ghorofa zaidi ya 600 yalikosa joto katikati ya baridi kwa karibu siku mbili, baada ya vidhibiti vya kupasha maji kutumiwa amri na mvamizi wa mbali kwa Modbus, itifaki ya kuzungumza na vidhibiti. Kampuni ya usalama ya Dragos, iliyoeleza kisa hicho Julai 2024, iliita programu iliyotumika FrostyGoop. Modbus ni itifaki ya mwaka 1979, iko wazi, haiulizi nenosiri, na kila chombo cha kusikiliza huielewa. Kwa Suricata, programu ya kupiga kengele pakiti inapolingana na sheria, sheria ni mstari mmoja:

```
alert modbus !$WARUHUSIWA any -> $PLC 502 (msg:"Rejista inaandikwa na asiyeruhusiwa"; modbus: access write holding; sid:1000001; rev:1;)
```

`WARUHUSIWA` ni anwani mbili tatu za seva na kompyuta ya wahandisi, `PLC` ni anwani za vidhibiti, na majina yote mawili lazima yaandikwe kwanza kwenye `suricata.yaml`. Rejista ni visanduku vya kumbukumbu ya kidhibiti vinavyoshika thamani zake. Usisahau kuwasha usomaji wa Modbus humohumo, maana huja ukiwa umezimwa, na sheria isiyolia hufanana kabisa na kiwanda chenye amani. Kusoma rejista kuache kupite, vinginevyo utazikwa, kwani skrini za waendeshaji husoma mara nyingi kwa dakika. Udhaifu wake nao uko wazi: mvamizi akikaa kwenye mojawapo ya anwani hizo zilizoruhusiwa, tumerudi kwenye Triton. Hapo itakubidi uongeze sheria ya kuandika kokote kunakofanyika nje ya vibali vya kazi, na hiyo haiwezekani bila ofisi ya matengenezo kukupa vibali vyake kila siku. Kwa viwanda vingi hilo ni gumu kuliko kununua chombo.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili zitalazimika kulijadili upya. Modbus sasa ina aina yenye usimbaji fiche, kwenye poti 802, na itifaki nyingine zinafuata. Siku mazungumzo yote yatakapofungwa hivyo, mvamizi wa Lviv asiye na cheti cha kidijitali atakataliwa mlangoni, na sikio letu litabaki likijua nani anaongea na nani, bila kujua alichoamuru.